Saa nne za kuandaa nyumba kati ya mgeni anayetoka na anayeingia

Nyumba za kupangisha wageni kwa siku chache zimeongezeka katika maeneo kama Masaki, Mikocheni, Mbezi Beach na Kigamboni jijini Dar es Salaam. Wenye nyumba wengi hufahamu jinsi ya kutafuta wageni. Kinachowashinda ni zile saa chache zinazobaki baada ya mgeni mmoja kufunga mizigo na kabla mwingine hajabisha hodi.

Utaratibu uliozoeleka ni mgeni kutoka saa nne asubuhi na mwingine kuingia saa nane mchana. Katika saa hizo nne, nyumba husafishwa, vitanda hutandikwa upya na vyombo hukaguliwa. Lakini hapo hapo huamuliwa jambo jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni nani atakayelipa iwapo kitu kimevunjika: mgeni aliyeondoka, mwenye nyumba, au mfanyakazi wa usafi asiye na hatia.

Makala haya yanaeleza utaratibu huo kwa kutumia mfano wa nyumba ya ghorofani yenye vyumba viwili vya kulala, bafu moja, jiko na sebule, inayosafishwa na mfanyakazi mmoja.

Hesabu ya shuka na taulo

Kosa la kwanza la wanaoanza biashara hii ni kununua seti moja au mbili za shuka kwa kila kitanda, kisha kutegemea kufua na kukausha kabla ya saa nane. Hesabu hiyo haikubali. Mashine nyingi za nyumbani huchukua takriban saa mbili kufua kwa maji ya nyuzi joto 60. Baada ya hapo shuka zinahitaji saa nyingine kadhaa za jua, na taulo huhitaji zaidi. Katika masika, kati ya Machi na Mei, huenda taulo zisikauke siku nzima. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hakuna shuka kabisa.

Kwa hiyo kanuni ni seti tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja inafuliwa, na moja imekunjwa kabatini ikisubiri. Kwa kanuni hii, shuka anazovua mfanyakazi leo hazihusiki kabisa na mgeni wa leo. Ni za mgeni wa siku nyingine, hata zikichelewa kwa dobi.

Nyumba ya mfano wetu ina vitanda viwili na hulaza watu wanne. Itahitaji seti sita za shuka na foronya. Kila mgeni akipewa taulo kubwa moja na ndogo moja, seti moja ni taulo nane, na seti tatu ni taulo 24. Ni gharama ya mwanzo inayouma, lakini huondoa tegemeo la jua na umeme.

Inafaa zote ziwe nyeupe na za aina moja. Nguo nyeupe hustahimili maji ya moto, na moja ikiharibika hubadilishwa peke yake bila kuvuruga seti nzima.

Dakika 15 za mwanzo ni za macho

Mfanyakazi akifika saa nne hatakiwi kushika fagio. Hufungua madirisha, kisha huzunguka nyumba nzima akiwa na simu na kupiga picha kila chumba kama kilivyo. Akianza kusafisha kwanza, huharibu ushahidi bila kujua. Glasi iliyovunjika ikishafagiliwa, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba haikuvunjwa na aliyefagia.

Ukaguzi huo ufuate orodha ileile kila mara, iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati:

- Televisheni: iwashwe, na picha ipigwe ikiwa inaonyesha. Kioo kilichopasuka kwa ndani mara nyingi hakionekani ikiwa imezimwa.
- Kiyoyozi, feni na kipasha maji: viwashwe vyote, na rimoti zihesabiwe.
- Birika la umeme, pasi na jiko: viangaliwe kama vimeungua au nyaya zimeyeyuka.
- Magodoro: kifuniko kiinuliwe kuona madoa.
- Meza na makochi: viangaliwe alama za pasi, sigara na vikombe vya moto.
- Bafu: choo kivutwe, maji yafunguliwe, na sinki ichunguzwe kama inapitisha maji.
- Vyombo: glasi, sahani, visu na vijiko vihesabiwe kulingana na idadi iliyoandikwa.
- Funguo: zihesabiwe, na vilivyosahauliwa na mgeni viwekwe kando na kuandikwa.

Wakati wa kukagua magodoro, mfanyakazi aangalie pia mishono yake na nyufa za kitanda. Vijidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, magamba mepesi ya rangi ya kahawia au alama za damu kwenye shuka ni dalili za kunguni. Zikionekana, nguo zote za chumba hicho zifungwe kwenye mfuko humo humo chumbani, zisipitishwe sebuleni zikiwa wazi, na mgeni anayekuja asiingizwe humo. Kunguni hufa katika ufuaji wa nyuzi joto 60, lakini waliomo katika mbao na godoro huhitaji mtaalamu wa kuua wadudu.

Kuvua vitanda na kuanza kufua

Saa nne na robo kazi yenyewe huanza. Panga za feni ya dari hufutwa kwanza, wakati shuka chafu ingali kitandani, ili vumbi lidondokee juu yake. Kisha shuka hukunjwa kuelekea ndani na kutolewa. Zisikung'utwe, kwani kufanya hivyo hurusha vumbi, nywele na hata wadudu chumba kizima.

Nguo hugawanywa mafungu mawili, shuka na taulo, kwa sababu taulo hutoa manyoya yanayonata kwenye shuka na hukauka kwa muda tofauti. Taulo kubwa moja ya kawaida huwa na uzito wa karibu nusu kilo ikiwa kavu, hivyo taulo nane, kubwa na ndogo, huenea katika mashine ya kilo saba bila kubanwa. Juu ya nguo ibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Mashine iliyojazwa pomoni haizungushi maji ipasavyo, na sabuni hubaki ndani ya nyuzi. Taulo inayokuwa ngumu kama ubao baada ya kukauka kwa kawaida ina mabaki ya sabuni au chumvi ya maji ya kisima, na dawa yake ni kuisuuza mara ya pili, si kuiongezea sabuni. Dawa ya kulainisha nguo nayo isitumiwe kwenye taulo, kwa kuwa huziachia utando unaozuia kunyonya maji.

Madoa hushughulikiwa kabla ya mashine, kwani joto hukaza mengi yake. Damu hulowekwa katika maji baridi, kamwe si ya moto. Mafuta ya kupikia na vipodozi husuguliwa kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.

Doa linalowachanganya wengi katika nyumba za pwani ni lile la rangi ya chungwa au kutu linalojitokeza baada ya kufua, ilhali taulo ilionekana safi. Chanzo chake huwa ni losheni ya kukinga jua. Nyingi zina kemikali iitwayo avobenzoni, ambayo hubadilika rangi ikikutana na madini ya chuma yaliyomo katika maji, hasa ya visima. Wafanyakazi wengi hukimbilia kuimwagia dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, na doa huzidi kukolea. Njia inayofaa ni kuondoa mafuta kwa sabuni ya vyombo, kusuuza, kisha kupaka maji ya limau na kuacha kwa muda kabla ya kusuuza tena na kufua. Limau na dawa ya klorini visikutane katika nguo hiyo.

Bafu na jiko: kosa lisilosameheka

Mashine ikiwa inazunguka, mfanyakazi huingia bafuni. Hapa ndipo ilipo hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii, na haihusu mgeni bali anayesafisha. Dawa ya klorini ikichanganyika na dawa ya choo yenye asidi, siki au limau, hutoa gesi ya klorini inayounguza macho na mapafu. Ikichanganyika na dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine ya sumu. Bafu dogo lililofungwa dirisha linaweza kumwangusha mtu kwa dakika chache.

Kwa sababu hiyo, katika siku moja choo kisafishwe kwa dawa ya aina moja tu. Anayehisi harufu kali inayokereka kooni atoke mara moja, aache mlango wazi na asirudi hadi hewa ibadilike.

Dawa ya klorini inayouzwa madukani kwa kawaida ina nguvu ya asilimia 3.5, lakini lebo isomwe kwanza. Kwa kufuta sehemu zinazoguswa mara kwa mara, mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, katika lita moja ya maji hutoa nguvu ya takriban asilimia 0.1. Sehemu ioshwe kwanza kwa sabuni, kwa kuwa dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu, kisha ipakwe dawa na kuachwa dakika 10. Mchanganyiko huo utengenezwe upya kila siku, kwani nguvu yake hupungua. Usiachwe juu ya mabomba na vitasa vya chuma kinachong'aa, maana hukiletea vidoa vya kutu. Hivyo vifutwe kwa sabuni na kukaushwa.

Wakati dawa ikikaa bafuni, mfanyakazi huhamia jikoni. Jokofu hutolewa mabaki yote na kufutwa, vyombo vilivyorudishwa kabatini hukaguliwa kama vilioshwa kweli, na ndoo ya taka husafishwa pamoja na kifuniko. Swichi, vitasa na rimoti hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, si kwa kupuliziwa dawa, kwani maji huingia ndani. Kitambaa cha chooni kiwe na rangi yake na kisitumike kwingine.

Vyumba, sakafu na ukaguzi wa mwisho

Vyumba vya kulala huanza karibu saa tano na nusu. Chandarua huangaliwa kama kina matundu, kifuniko cha godoro hubadilishwa kikiwa na unyevu au doa, kisha kitanda hutandikwa. Anayetandika aoshe mikono kwanza, kwa kuwa ametoka bafuni. Shuka ipitishiwe kiganja baada ya kutandikwa, kwani unywele mmoja mweusi juu ya shuka nyeupe hutosha kumfanya mgeni aamini kwamba haikubadilishwa.

Sakafu huwa ya mwisho, kuanzia chumba cha ndani kabisa kurudi nyuma hadi mlangoni. Nyumba za karibu na ufukwe zifagiliwe mara mbili kabla ya kudeki, kwa sababu mchanga ukiloana huwa kama msasa juu ya vigae.

Kwa mpangilio huu kazi humalizika karibu saa saba na dakika 20, na dakika 40 zilizobaki ni akiba ya lolote litakalotokea. Nyumba isiyo na akiba hiyo itachelewa siku choo kitakapoziba.

Kabla ya kufunga mlango, orodha ya pili hufuatwa:

- Picha ya kila chumba kikiwa tayari, pamoja na televisheni ikiwa imewashwa.
- Taulo nane, karatasi za chooni na sabuni vipo.
- Glasi na sahani zimetimia kulingana na idadi.
- Maji ya moto yanatoka, na gesi imefungwa.
- Chini ya vitanda na ndani ya droo hakuna kitu.
- Madirisha yamefungwa, na funguo zimewekwa mahali pake.

Picha hizo za mwisho ndizo ushahidi wa mgeni anayeingia. Zikilinganishwa na zile zitakazopigwa atakapotoka, tofauti yoyote inayoonekana ilitokea mikononi mwake.

Kikivunjika kitu

Tuseme mgeni alikaa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Mfanyakazi anapokagua anakuta mambo matatu: glasi moja imevunjika, taulo moja ina doa la rangi ya nywele, na televisheni ikiwashwa inaonyesha mistari na ufa wa ndani.

Glasi ni uchakavu wa kawaida wa biashara hii. Mwenye nyumba hununua glasi za ziada mwanzoni na kuingiza gharama hiyo katika bei. Kumdai mgeni glasi moja huleta malalamiko yenye hasara kuliko glasi yenyewe. Kilicho muhimu ni kuizoa salama: vipande vikubwa kwa fagio na kizoleo, vidogo kwa karatasi iliyoloweshwa, kisha vyote vifungwe katika gazeti ili mzoa taka asikatwe.

Taulo hujaribiwa kuloweka na kufuliwa. Doa likigoma, taulo hushushwa cheo na kuwa ya kufutia sakafu, nayo huandikwa ili seti ijazwe. Njia nafuu ya kuzuia hasara hii ni kuweka bafuni kitambaa cheusi chenye maandishi kwamba ni cha kufutia vipodozi na rangi.

Televisheni ni jambo jingine. Mfanyakazi haiguzi zaidi ya kuiwasha. Hupiga picha, na kumtumia mwenye nyumba papo hapo ili muda ujulikane. Mwenye nyumba huitoa picha ya Ijumaa ikionyesha televisheni hiyo nzima, na siku hiyohiyo humwandikia mgeni kwa lugha ya upole, akimweleza kilichoonekana na kumwomba maelezo kabla ya kutaja fedha.

Kiasi cha kudai hakiwi bei ya televisheni mpya. Tuseme ilinunuliwa kwa Sh800,000, ikakadiriwa kudumu miaka mitano, na imetumika miwili. Imebaki miaka mitatu kati ya mitano, hivyo thamani yake ni Sh480,000. Fundi akisema inatengenezeka kwa Sh200,000, dai la haki ni Sh200,000. Akisema matengenezo yanazidi Sh480,000, dai huishia Sh480,000. Risiti ya ununuzi na maandishi ya fundi huambatanishwa.

Kwa aliyepokea amana, kiasi hicho hukatwa humo na salio kurejeshwa pamoja na mchanganuo. Kwa waliopangisha kupitia mtandao wa Airbnb, utaratibu ni kuwasilisha dai ndani ya siku 14 tangu mgeni alipotoka. Mgeni hupewa saa 24 kujibu, na akikataa au kunyamaza, mwenye nyumba anaweza kuuomba mtandao huo uingilie kati. Dai lisilo na picha za kabla na baada ni vigumu kufanikiwa.

Mfanyakazi si mdhamini wa mgeni

Pasipo kumbukumbu, lawama humwangukia aliye karibu, naye ni mfanyakazi. Baadhi ya wenye nyumba hukata mshahara moja kwa moja wakidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa na funguo.

Tanzania Bara, jambo hilo lina mipaka yake kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaruhusu makato ya kufidia hasara iwapo tu mfanyakazi amekubali kwa maandishi, na hasara ilitokea kazini kwa kosa lake. Mwajiri anatakiwa kueleza kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa, na kumpa mfanyakazi nafasi ya kupinga. Kinachodaiwa kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake.

Hivyo, daftari la nyumba liwe na safu tano tu: tarehe na saa, kitu, kilivyokutwa, aliyekiona, na hatua iliyochukuliwa. Mfanyakazi aliyevunja sahani wakati wa kuosha naye aandike humo humo bila hofu, kwa kuwa akiadhibiwa kwa kusema ukweli, ajali ijayo ataificha na mgeni ndiye atakayeigundua, pengine kwa kuikanyaga.

Ikifika saa nane, mgeni mpya hapaswi kuona dalili yoyote ya hayo yote. Kama televisheni haijapatikana, aelezwe mapema kabla hajafika, si baada ya kuitafuta rimoti.